Tutu na karoti iliyolala mdomoni

Paukwa... pakawa! Haya sogea hapa karibu, vuta blanketi, nikusimulie.

Palikuwa na kasungura kamoja kadogo, kanaitwa Tutu. Masikio marefuuu, mkia mviringo kama pamba, na meno mawili makubwa hapa mbele. Yako yako wapi? Nionyeshe. Eeh hayohayo!

Sasa Tutu na karoti jamani, asubuhi karoti, mchana karoti, usiku karoti tena, kwachu kwachu kwachu, akimaliza huyooo anarukia kitandani. Mama yake akiita "Tutu, njoo tupige mswaki", anajifunika shuka gubigubi, kimyaaa, ila masikio yote mawili yamebaki nje.

"Tutu hayupo," anasema Tutu.

Basi usiku mmoja kalala hivyohivyo. Mara ulimi ukagusa kitu. Nini hiki? Kumbe ni kakipande ka karoti, kadogooo, kamejibana katikati ya yale meno mawili. Akakasukuma na ulimi, hakatoki. Akakafyonza, fyuu, hakatoki. Akageukia ukutani, akageukia dirishani, kako palepale.

"Mamaaa! Karoti imelala mdomoni mwangu!"

Mama akacheka, "Kha! Haina kwao? Haya twende tukaiamshe."

Mama akachukua mswaki mdogo wa bluu, akaweka dawa kidogo tu, kama punje moja ya mchele, akampakata Tutu mapajani.

"Fungua mdomo kama simba."

"Aaaaa!"

Akaanza na ya mbele, polepole, mviringo mviringo, swishi swishi. Yale ya nyuma ya kutafunia, swishi swishi. Ya juu, swishi swishi, ya chini, swishi swishi, halafu na ulimi kidogo, hapo Tutu akaanza kucheka maana unatekenya bwana, povu likaruka mpaka kwenye sharubu.

Mara tup! Karoti hiyoo!

"Tema," mama akasema.

Ptuu! "Kwaheri karoti!"

Tutu akataka na yeye ajaribu mwenyewe, akashika mswaki kwa mikono miwili, akasugua meno, akasugua mdomo, akasugua na pua (pua haina meno lakini haya), kisha mama akamalizia vizuri.

Aliporudi kitandani akapitisha ulimi. Laini. Akapitisha tena. Lainiiii.

Kesho yake usiku mama hata hajaita, anasikia tu miguu pu pu pu pu inakwenda bafuni. Kuchungulia hivi, Tutu huyo, kasimama juu ya kigoda, mswaki mkononi, mdomo wazi.

"Aaaaa!"

Swishi swishi, ptuu, halafu kitandani. Sikio moja likalala. La pili nalo, taratibu, likalala.

Na wewe, pitisha ulimi... unasemaje? Haya. Funga macho.