Mume wangu halali mpaka tivii iwake usiku kucha, kuna madhara?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mi naishi Mbagala, nina mume na mtoto mmoja wa miaka minne, tumepanga chumba kimoja na tivii iko mezani miguuni mwa kitanda, inchi 32. Mume wangu anaendesha bodaboda, anarudi saa nne usiku anaoga anakula anawasha tivii, mechi ikiisha anaweka muvi, dakika kumi nyingi anakoroma lakini ole wako uzime, anashtuka hapo hapo "mbona umezima nilikuwa naangalia". Basi inawaka mpaka asubuhi. Mi naamka kichwa kizito utafikiri nimebeba zege, mtoto naye siku hizi analala saa tano usiku na shule anaamshwa kwa vita. Mama mkwe anasema mionzi ya tivii itatupofusha, mume anasema ni maneno ya kizee tu, mbona yeye analala fofofo. Naomba unieleze, kulala na tivii inawaka kuna madhara au hamna? Na LUKU nanunua mimi kwa hela ya vitumbua. Mama Nasra.

JIBU: Mama Nasra pole na majukumu. Nianze na jibu lenyewe ili hata ukiishia hapa uwe umepata: ndiyo, ina madhara, inaharibu usingizi wenu wote watatu na anayeumia zaidi ni Nasra. Ila hilo la upofu kamwambie mama mkwe kwa heshima zake kwamba hapana. Zile tivii za zamani zenye mgongo mkubwa zilikuwa na kioo kinachoweza kutoa mionzi kidogo sana ya eksirei ndo maana ikawekewa kiwango cha kisheria, na wazazi wetu wakakua wanaambiwa kaa mbali na tivii. Hizi bapa za sasa hazitoi eksirei kabisa, zinatoa mwanga tu kama taa. Macho yanaweza kuchoka na kukauka ukiyakodoa muda mrefu lakini hupofuki, na ukiwa umelala umefumba wala hata hukodoi.

Sasa tatizo liko wapi. Liko kwenye huo mwanga wenyewe na ile sauti.

Nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake sio kuona picha, kazi yake ni kuuambia ubongo kama kumekucha au bado, na zinasisimka zaidi na mwanga wa bluu ambao skrini za tivii na simu zinao mwingi. Zikipata mwanga usiku zinaripoti bado mchana, ubongo unabana ile homoni ya usingizi inaitwa melatonini, usingizi unachelewa na ukija unakuwa mwepesi. Kope zinazuia mwanga mwingi lakini haziuzimi wote, jaribu mwenyewe leo, fumba macho tivii ikiwa inawaka gizani halafu mtu abadilishe chaneli, utaona ile mweko mweko inapita. Na chandarua wala hakisaidii kitu, kile kimetengenezwa kwa ajili ya mbu.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani walichukua vijana wazima 20, nusu wakalala usiku mmoja kwenye chumba chenye mwanga wa laksi 100, huo ni mwanga kama wa taa ya chumbani iliyowashwa, wenzao wakabaki kwenye giza. Waliolala na mwanga mapigo ya moyo yalikuwa juu usiku na asubuhi yake insulini ilikuwa inafanya kazi kwa shida zaidi kushusha sukari. Usiku mmoja tu huo. Niseme ukweli tivii ya inchi 32 kwa umbali wa kitandani kwa kawaida haifiki laksi 100 kwahiyo usije ukamwambia shemeji atapata kisukari wiki ijayo, atakucheka, na atakuwa na haki ya kukucheka. Utafiti mwingine mkubwa, wa 2019, ulifuatilia wanawake zaidi ya 43,000 hukohuko Marekani kwa miaka kama mitano mpaka sita, wale waliokuwa wanalala na taa au tivii inawaka chumbani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 17 wa kuongezeka kilo 5 au zaidi. Huo nao hauthibitishi kwamba tivii ndo imewanenepesha, inawezekana anayelala na tivii ndo huyohuyo anayekula chipsi saa sita usiku, lakini ukiweka na ule wa kwanza unaona njia inaelekea wapi.

Sauti ndo mi naiona mbaya zaidi kwa nyumba ya chumba kimoja. Usingizi unaenda kwa mizunguko, mmoja kama dakika 90, unazama halafu unapanda juu, na kila mtu akipanda juu huwa anaamka sekunde chache anageuka anaendelea, asubuhi hakumbuki. Sasa ukipanda juu ukakuta kimya na giza unarudi chini. Ukikuta mtangazaji anapiga kelele goliii, au tangazo la sabuni ambalo sauti imepaa ghafla kuliko muvi, ubongo unasikiliza kwanza, hata kama hukufumbua macho. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba cha kulala kisizidi wastani wa desibeli 30 usiku, na 30 ni kama mtu ananong'ona. Tivii ya kuangalia mechi iko juu ya hapo mbali tu. Hicho kichwa kizito chako cha asubuhi mi nadhani kinatokea hapa, unalala masaa sita lakini umekatwa katwa vipande.

Unaweza kuuliza mbona feni nayo inapiga kelele usiku kucha na watu wanalala. Feni haibadiliki, vuuu ileile mpaka asubuhi, ubongo unaizoea na unaiacha, na inaficha kelele za nje, bajaji, mbwa, jirani. Tivii kila sekunde ni kitu kipya.

Na hapa ndo jibu la shemeji kwanini akizimiwa anashtuka. Sio kwamba alikuwa anaangalia bana, alikuwa anakoroma. Ukizima ghafla sauti na mwanga vinakatika kwa mpigo, hayo ni mabadiliko makubwa kuliko yote ya usiku, ubongo unaamka kuuliza kumetokea nini. Halafu keshajizoesha, kama mtoto aliyezoeshwa kubembelezwa mgongoni, ukimweka kitandani tu analia. Kusema "nalala fofofo" hakumaanishi analala vizuri, muulize tu mchana akiwa kijiweni anasinzia juu ya pikipiki au hasinzii. Mtu anayebeba abiria barabara ya Kilwa na usingizi wa mang'amung'amu, hilo ndo lingenitisha mimi kuliko mionzi yoyote.

Sasa Nasra. Mtoto wa miaka minne anatakiwa kulala masaa 10 mpaka 13 kwa siku nzima ukijumlisha na kale kausingizi ka mchana. Akilala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi kapata saba, huyo ana deni kila siku, na kwa watoto deni la usingizi halionekani kama uchovu, linaonekana kama ukorofi, kulia lia, kukataa chakula, mwalimu anakuambia hatulii. Mwanga wa usiku unawapiga zaidi kuliko sisi kwasababu mboni zao ni kubwa na lenzi ya jicho bado safi inapitisha mwanga mwingi. Kwahiyo kama kuna mtu wa kumpigania kwenye hili ni yeye, na nadhani hata baba yake ukiianza habari kwa Nasra badala ya kuianza kwake atakusikiliza.

Ufanye nini. Usizime ghafla, tumeshaona inavyoishia. Chukua rimoti tafuta kitufe kimeandikwa SLEEP, kama hakipo ingia Settings halafu Time au System utakuta Sleep Timer, weka dakika 60 wiki ya kwanza. Atakuwa keshazama muda mrefu. Wiki inayofuata shusha 30. Wakati huohuo punguza sauti kidogo kidogo kila usiku, pointi mbili tatu tu hatashtuka, na punguza mwanga wa skrini pale Picture, kwenye Backlight au Brightness, wengi tunaiacha vilevile ilivyotoka dukani ambapo imewekwa kali ili iwavutie wateja. Tivii nyingine zina sehemu ya kuzima picha sauti ikabaki, kama yenu inayo basi hiyo ndo dawa ya mtu anayetaka kusikia sauti za watu ili alale. Kama haina, redio ndogo ya chini chini inatosha, kipindi cha mazungumzo sio cha mechi, nayo iwe na taima.

Kwa mtoto mlaze kabla baba hajarudi, saa mbili mpaka saa mbili na nusu, saa nzima kabla ya hapo hakuna katuni. Kitanda chake kigeuzwe kichwa kiangalie upande ambao tivii haipo na funga khanga nzito au shuka kukata mwanga, chumba kimoja hatuwezi kukifanya viwili lakini kivuli tunaweza. Baba akirudi aangalie mechi yake kwa hedifoni, hiyo nadhani hata yeye ataipenda maana atasikia vizuri.

Kuna kitu kimoja umekitaja kama utani lakini mi sijakiacha, kukoroma. Kama anakoroma kwa nguvu halafu anakatika pumzi kidogo kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, na mchana anasinzia sana, hilo sio la tivii, aende hospitali apimwe, na presha wampime hapohapo. Na kama ana mawazo, yani anaiwasha ili asibaki na kimya kwasababu kimya kinamletea madeni ya pikipiki au msiba, hapo ongeeni kwanza, rimoti ije baadae.

Kuhusu LUKU. Tivii ya inchi 32 na king'amuzi chake kwa pamoja tufanye wati 60, soma kibandiko nyuma ya tivii utaona kiwango chake. Masaa sita ya kulala ni uniti 0.36 kwa usiku, kwa mwezi karibu uniti 11. Zidisha na bei ya uniti yako halafu hesabu ni vitumbua vingapi, umwekee mezani. Na hiyo ekstensheni mnayochomekea vyote iangalie leo kabla ya kulala, ukiigusa ikiwa ya moto ibadilishe, maana umeme ukikatika usiku na kurudi kwa nguvu vitu vyote vikiwa on na nyie mmelala ndani ya chandarua sio jambo la kusubiri mpaka mwisho wa mwezi.