Somo la kwanza la udereva, Kimara

— Shikamoo mama. Karibu sana.

— Marahaba baba. Mikono inatetemeka, na hata usukani sijaushika.

— Pole mama. Basi kwa dereva usikae kwanza. Kaa huku kushoto, nitaliendesha mwenyewe mpaka kiwanjani. Leseni ya kujifunza umekuja nayo? Vizuri. Ila kabla sijawasha gari, niambie unaogopa nini hasa. Kuna anayeogopa mwendo, kuna anayeogopa macho ya watu, kuna aliyewahi kupata ajali. Kila mmoja ana pa kuanzia. Nisipojua, nitakuanzishia pabaya.

— Naogopa mlima. Gari lizime, nyuma kuna daladala linapiga honi, halafu nirudi nyuma nilivae.

— Umeshawahi kuendesha?

— Kaka yangu alinifundisha siku moja. Lilizima, akanifokea mbele ya wanangu. Toka hapo sijagusa gari.

— Pole sana. Hapa hufokewi, mama. Nikitaka usimame nitasema “simama”, kwa sauti hii hii. Tazama hapo miguuni pako: hiyo ni breki na klachi ya mwalimu. Tukibadilishana viti zitakuwa kwangu. Gari likianza kurudi, nalishika.

— Kumbe zipo mbili!

— Ndiyo. Na huo mlima una utaratibu wake. Gari linarudi kwa sababu breki umeiachia na klachi bado haijashika. Kwa hiyo unavuta hendibreki, unaweka gia namba moja, unaongeza mafuta kidogo, unaachia klachi polepole. Mlio wa injini utabadilika, utahisi gari linataka kwenda. Hapo unatuliza mguu, ndipo unashusha hendibreki. Tutaufanya mpaka uuzoee, lakini si leo. Leo ni kiwanja tambarare, na kazi yetu ni klachi tu. Mafuta hutayagusa kabisa. Ukiiachia taratibu kwenye namba moja, gari litatambaa lenyewe.

— Na likizima?

— Litazima, karibu kila anayeanza linamzimia. Unakanyaga breki na klachi, unatoa gia, unawasha tena. Huko barabarani nako, anayepiga honi atasubiri. Herufi L ameiona, na wewe una haki ya barabara kama yeye. Kuna jingine?

— Naona aibu kulisema. Mguu wa kulia unakufa ganzi nikikaa sana.

— Usione aibu, hilo ndilo la maana kuliko yote uliyosema. Mguu wa kulia ndio wa breki. Leo tutapumzika kila robo saa, ushuke utembee kidogo. Ukianza kufa ganzi hata katikati ya zoezi, sema hapo hapo. Barabarani hatutaingia mpaka daktari auangalie huo mguu. Utaweza kwenda wiki hii?

— Alhamisi nitakwenda.

— Haya, tutapanga somo lijalo akishakuona. Sasa funga mkanda, mama. Njiani tazama mguu wangu wa kushoto tu, uone unavyoachia klachi.