Mzee wa Yuniti naaga, soma hadi mwisho kuna ishu ya stopuwochi

Habarini za jioni wana grupu. Walimu wenzangu, wazazi mliomo humu, na nyie fomu foo mnaosoma kwa simu za dada zenu mkidhani sijui.

Wengi mshasikia so sizungushi. Barua ya uhamisho imetoka, narudi Singida. Mke wangu ni nesi kule na miaka sita tumelea mtoto kwa simu, yatosha. Kwenye ESS niliomba mara tatu, mbili zikarudi, hii ya tatu nilikuwa nishasahau kama niliomba. Gari ni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri mpaka Mtwara halafu nitajua mbele. Msije stendi, kweli msije, nina magunia matatu na godoro na sitaki watu wanione nikigombana na konda.

Mkuu alisema niandike neno la kuaga kwenye karatasi, nikaandika, nilipolisoma nikaona hili angeweza kuliandika mtu yeyote anayehama shule yoyote, nikalichana. Ngoja niseme kama navyosema darasani.

Nilifika Tandahimba 2017, awamu ile ya walimu wa sayansi na hesabu. Nikakuta jengo la maabara zuri kabisa, la tofali, mlango una kufuli kubwa, ukifungua ndani mna popo na meza. Fizikia haikuwa na mwalimu muda mrefu, kuna kijana wa fomu tatu ndo alikuwa anawafundisha wenzake kwa madesa ya kaka yake. Nilikaa nyuma siku mbili namsikiliza. Alikuwa vizuri jamani, isipokuwa voltmita alikuwa anaiunga sirisi na darasa zima lilikuwa linaunga sirisi, ikanichukua muhula mzima kuwatoa huko. Sasa hivi ni fundi wa sola na voltmita anaiunga pararero nimehakikisha kwa macho yangu, maana sola ya nyumba yangu aliifunga yeye na akanilipisha bei ya mwalimu, yaani ya juu.

Hili jina la Mzee wa Yuniti nalijua tangu mwaka wa kwanza, mlidhani mnaniteta. Lilianza na penduli. Hatukuwa na zile goroli za kuning'iniza so tukatumia ile kufuli ya maabara, uzi wa cherehani, na stopuwochi ya simu yangu. Uzi sentimita 50, hesabu mizunguko ishirini, inatakiwa ije sekunde 28 na kitu. Ikaja 28! Nilifurahi kuliko wao. Halafu wakachora grafu, wakatafuta slopu, na kundi la dirishani likaniletea g = 980 m/s². Urefu waliacha kwenye sentimita, jibu wakaliandikia mita. Nikawauliza, kwa hiyo bibo likidondoka hapa kwenu linatoboa ardhi linatokea Msumbiji? Kuanzia siku hiyo kila asiyeandika yuniti nilimuuliza "tano nini, tano mbuzi?" mpaka kuna binti kwenye testi ya mwezi akaandika kabisa, nguvu = 5 mbuzi. Nikamkata maksi moja nikampa nusu ya ujasiri. Ile karatasi ninayo, naondoka nayo, msiidai.

Sasa lile ambalo si la kucheka. Mwaka wa pili wangu, 2018, Oktoba ile, darasa la fomu tatu likawa linabaki watu kumi na nane kati ya hamsini na kitu. Mimi mtu wa Singida najua nini kuhusu korosho, nikaona ni utoro, nikachukua fimbo. Walioingia Jumatatu wote walikula. Kuna mmoja hakulia wala hakusema kitu, aliangalia tu ukuta. Jioni nikaenda kwao kwa hasira nimshtaki kwa mzazi, nikakuta bibi na wadogo wawili chini ya mkorosho, yule kijana anachambua korosho anatenga mbovu na nzima, na mkono niliouchapa amefunga kitambaa, anachambulia mwingine. Bibi akanikaribisha ming'oko na chai ya rangi, akaniuliza mwanangu anasoma vizuri? Nikasema anasoma vizuri bibi. Sikumshtaki. Nilikula ming'oko nikarudi zangu nyumbani giza limeingia.

Kijana nilimuomba radhi baadaye tukiwa wawili, ila wale wengine wa Jumatatu ile sikuwahi kuwaomba, so naomba leo, mbele ya wazazi wenu. Fimbo sikushika tena, na mnaodhani niliacha kwa sababu ya waraka mnakosea. Ndo mana vipindi vya msimu tulivihamishia usiku na sola, na mlikuja mkiwa mmechoka, na kipindi cha salfa mnakuja mnanuka mpaka mwalimu wa kemia anasema leo sina haja ya sampo. Lakini mlikuja. Asanteni kwa hilo, sana.

Walimu wenzangu. Madam wa Kiswahili, ulinishikia zamu wiki mbili mke alipojifungua na hukuwahi kunikumbusha, ingawa Kingereza changu ulikicheka kila paredi. Mwalimu wa taaluma, taimtebo yako ilinipa hesabu Ijumaa kipindi cha mwisho miaka minne mfululizo na nina hakika ilikuwa makusudi, nimesamehe nusu. Mzee wetu wa jiografia, wewe ndo ulinifundisha kuweka maji, maana juu huku kwenye mwamba wa Makonde mto hamna na mimi nilikuja na ndoo moja, nikawa nanunua dumu mia tano mpaka ulipokuja kunionyesha jinsi ya kukinga ya paa. Tumegombana sana stafu, kuhusu fimbo, kuhusu remedio, kuhusu ile michango ya chai ambayo mpaka leo sielewi sukari inaenda wapi. Sijutii hata ugomvi mmoja isipokuwa ule wa kikao cha matokeo, pale nilipandisha sauti na nilikuwa nimekosea namba.

Divisheni wani za kujaza mkono hatukupata, tusidanganyane. Ila F za fizikia zimepungua na mnajua zilipokuwa.

Makabidhiano: funguo za maabara anazo mwalimu wa kemia. Daftari la vifaa liko droo ya pili, nimehesabu kila kitu Jumanne. Ile kufuli ya penduli ni ya mlangoni, mkimaliza irudisheni mlangoni. Vitabu vyangu vitatu viko mikononi mwa watu, bakini navyo ila msiviwekee sufuria juu.

Stopuwochi zilikuwa sita. Zipo tano. Sitaki kujua nani, wala sitauliza, iwekwe tu dirishani maabara usiku wowote kabla ya prakitiko za Novemba, na aliyenayo abadilishe betri kwanza, ile ilikuwa inachelewa.