Skuli ya Somo: Mwongozo wa Jina, Nembo na Lugha ya Skuli

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wetu wa Mji Mkongwe na wa Wete, kwa wachoraji na wachapaji tunaowapa kazi, na kwa kila mtu atakayeandika tangazo, barua au kibao kwa jina la skuli. Wanafunzi wetu ni wa aina mbili: wageni wanaoanza Kiswahili bila ya neno hata moja, na watoto wa Wazanzibari waliozaliwa ughaibuni, ambao wengi wao wanasikia Kiswahili lakini hawasemi. Wote wawili wanakutana na lugha kwanza kupitia maandishi yetu, kabla hawajamwona mwalimu. Kwa hiyo maandishi yetu ndiyo darasa la kwanza, na hatuna haja ya kuyapamba kwa kitu cha nje ya lugha ilhali lugha yenyewe ina pambo la kutosha.

Jina

Skuli inaitwa Somo. Neno hili lina maana ya kile kinachofunzwa darasani, lakini kwa watu wa Unguja na Pemba lina maana nyengine zilizo karibu zaidi na moyo. Watu wawili wenye jina moja ni masomo. Mtoto aliyezaliwa London akapewa jina la bibi yake wa Wete ni somo yake bibi huyo, na wakizungumza kwenye simu huitana hivyo. Somo vile vile ni rafiki wa siri, na ni yule mwanamke anayeaminiwa kumfunda mwari. Tunajua kwamba wazee wakisikia jina letu watamkumbuka na somo huyo pia. Tuliwaza juu ya jambo hilo na tukaona kwamba halitupunguzii kitu, kwa sababu naye ni mwalimu, tena ni mwalimu anayepewa mtoto kwa kuaminiwa.

Kaulimbiu yetu inatokana na jina hilo: Somo langu, somo yangu. Maneno haya hayabadilishwi, hayafasiriwi katika matangazo, na wala hayasahihishwi. Mchapaji mmoja aliwahi kutuuliza kama «yangu» ni kosa, na huenda wengine wakauliza pia. Si kosa. Somo linalofunzwa huchukua upatanisho wa li-, na kwa hiyo ni somo langu, kama vile jina langu. Somo aliye mtu huchukua kimilikishi kama cha ndugu yangu na rafiki yangu. Herufi moja tu inakitoa kitu na kumweka mtu mahali pake. Mwanafunzi anapoingia siku ya kwanza haoni tofauti yoyote baina ya maneno hayo, na siku atakapoiona bila ya kuambiwa, tutajua kwamba amefika mahali.

Jina likiandikwa ndani ya sentensi, litanguliwe na neno skuli, na upatanisho ufuate neno hilo: «Skuli ya Somo imefungua darasa jipya.» Tusiandike «Somo imefungua». Na tunaandika skuli, si shule, kwa kuwa ndivyo wasemavyo watu hapa na ndivyo zilivyoandikwa skuli zetu zote Visiwani. Vivyo hivyo kwenye mafunzo yetu tungule ni tungule, na mwalimu atamweleza mwanafunzi kwamba akivuka bahari ataambiwa nyanya.

Nasaba yetu na mipaka ya fahari

Kiunguja, yaani Kiswahili cha Unguja mjini, ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na ni haki yetu kulisema hilo. Hata hivyo, ni marufuku kuandika kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, au kwamba Kiswahili safi kiko hapa peke yake. Washairi wa Lamu na Pate walikuwa wakiandika tenzi kwa herufi za Kiarabu tangu karne ya 18, miaka mingi kabla ya mkutano huo, na hapa hapa kwetu Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi ni Kiswahili kamili chenye kanuni zake. Tunafunza Kiswahili sanifu katika kuandika. Mtoto akija na neno la Kipemba alilolichukua kwa bibi yake, neno hilo linaandikwa ubaoni pamoja na mengine na haliitwi kosa. Hili naliona kuwa muhimu kuliko rangi na nembo zote, kwa sababu mtoto akisahihishwa neno la bibi yake, ni bibi aliyesahihishwa.

Tulipendekezewa kaulimbiu ya «Kiswahili kina wenyewe». Ni msemo wetu, na tunaupenda, lakini tuliukataa. Mtoto wa Maskati au Toronto anayeusoma mlangoni atajiuliza kama yeye yumo miongoni mwa wenyewe hao, na hatutaki ajiulize hivyo akiwa bado hajavua viatu.

Nembo

Nembo ni neno Somo lililoandikwa kwa herufi nene za kawaida, ndani ya umbo la kanga. Kila mwenye kanga anajua sehemu zake tatu, nazo ndizo zinazopanga kila bango, cheti na ukurasa wetu: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina lililo chini ya mji. Katika nembo, neno Somo hukaa mjini na kaulimbiu hukaa mahali pa jina. Katika bango, habari hukaa mjini, na mahali pa jina hukaa sentensi moja tu ya Kiswahili.

Sentensi hiyo isichukuliwe ovyo kutoka katika kanga za dukani. Majina mengi ya kanga ni mafumbo, na mengine ni vijembe vilivyoandikwa kumfikia jirani au mke mwenza. Mgeni huona ua na rangi. Mtu wa mjini huona ugomvi. Mfuko wa mtoto usiandikwe maneno yatakayomfanya shangazi yake ashtuke uwanja wa ndege. Kila sentensi ipitiwe kwanza na walimu wawili, mmoja wao akiwa mtu mzima wa makamo, mwenye kuzijua kanga.

Kwenye kibao cha mlangoni, pembeni mwa nembo, neno Somo limeandikwa pia kwa herufi za Kiarabu: sini, wau, mimu, wau. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyoandikwa kwa karne nyingi, na wazee wetu wengi waliandikiana barua kwa herufi hizo. Limeandikwa kwa mkono na mwandishi wa hati, na lichukuliwe picha kama lilivyo. Hatutumii herufi za Kirumi zilizopindwa zifanane na Kiarabu, kwa sababu hizo si za Kirumi wala za Kiarabu.

Hatuchori simba wala twiga, ambao hawaishi porini katika visiwa hivi. Hatutumii picha za machweo na dau, wala za watoto wa mitaani waliopigwa picha bila ya wazazi wao kuombwa ruhusa.

Rangi

Tumechagua rangi ambazo majina yake ni somo kwa nafsi yake. Damu ya mzee, `#6E1423`, ndiyo rangi ya pindo. Nili, `#1F3A5F`, ni ya maandishi yote. Manjano, `#E0A526`, ambayo ni bizari ile ile ya jikoni, hutumika kidogo, kwenye jambo linalotakiwa lionekane. Chokaa, `#F7F3EA`, ni rangi ya mji wa kanga yetu, kama kuta za nyumba za mawe zilizopakwa karibuni.

Herufi na alama

Bango letu la kwanza la watoto, lililochapwa kabla ya mwongozo huu, lilikuwa na picha ya ng’ombe na chini yake neno «ngombe». Baba mmoja aliyekuja kumwandikisha binti yake alisimama mbele ya bango hilo, akaweka kidole kwenye neno, akamwambia mtoto alisome. Mtoto alilisoma kama lilivyoandikwa, kwa sauti ya ng- ya ngoma. Baba hakutulaumu; alimsomea tena kwa sauti iliyo sahihi, na sisi tukaliteremsha bango siku ile ile. Alama ile ndogo ni sehemu ya herufi, na ikidondoka neno limeharibika.

Tangu hapo, alama ya ng’ inachapwa kwa `U+2019` na haichapwi kwa `U+2018`. Neno likikatwa mwisho wa mstari, likatwe kwenye silabi: nyu-mba, ng’o-mbe, ki-ta-bu. Lisikatwe baina ya m na b, wala baina ya n na d. Tunaandika ahsante kwa h yake.

Salamu na namna ya kuzungumza

Hatuandiki «Jambo!» peke yake mahali popote. Salamu ni Hujambo kwa mmoja na Hamjambo kwa wengi, na Shikamoo kwa mkubwa, na mwanafunzi afunzwe tangu saa ya kwanza kwamba anaposalimu anauliza jambo. Mwanafunzi mtu mzima aitwe Bwana au Bibi pamoja na jina lake, na mwalimu aitwe Mwalimu. Neno mzungu halitumiki katika maandishi ya skuli. Tunasema mgeni wetu au mwanafunzi wetu. Kwa watoto wa ughaibuni hatutumii maneno «waliopoteza lugha». Lugha haikupotea, iko kwa bibi zao, na wao wako njiani kuifuata.

Madaraja yetu matatu yanafuata nyumba ya Kiswahili: Barazani, Ukumbini na Uani. Mgeni hupokewa barazani, akizoeleka huingia ukumbini, na anayefika uani anasikia watu wa nyumba wakizungumza bila ya kumchunga.

Hatuahidi Kiswahili kwa siku saba, wala hatucheki kosa la mwanafunzi katika tangazo, hata kama mwenyewe ameridhia.

Tangazo la wageni liandikwe hivi:

«Skuli ya Somo, Mkunazini, Mji Mkongwe, inawakaribisha wageni wanaotaka kujifunza Kiswahili. Darasa la Barazani ni la muda wa saa mbili kila asubuhi, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne, na halizidi wanafunzi wanane. Baada ya wiki nne utaweza kusalimu, kununua sokoni, kuuliza njia na kueleza habari zako. Yaliyobaki yanataka muda, na sisi tupo.»

Na barua ya kwanza kwa mzazi aliye nje iandikwe hivi:

«Mzazi wetu mpenzi, ahsante kwa kutuamini na mtoto wako. Kabla hajaja, tunakuomba jambo moja: mwulize jina lake limetoka kwa nani, na umsimulie habari za mtu huyo kwa Kiswahili, hata kama atakujibu kwa lugha nyengine. Siku ya kwanza tutamtaka atuambie somo yake ni nani. Akikumbuka jina tu, linatosha kuanzia. Kama mtu huyo yuko Unguja au Pemba na ana afya, tungependa kumwalika darasani siku moja. Nauli yake italipwa na skuli.»