Maneno ya kumuaga Dada Agnes, pamoja na maelekezo kwa Neema anayetafsiri

(Neema mjukuu wangu, yaliyo kwenye mabano ni yako, usiyasome kwa sauti. Kila aya ikiisha nitanyamaza, nawe useme. Usikimbie. Babu yako mwenyewe magoti hayamruhusu kukimbia.)

Tumsifu Yesu Kristo!

(Watajibu "Milele, amina." Hili usilitafsiri, wageni watalisikia wenyewe.)

Baba padri, wazee wangu, majirani wa Muheza, nyie mlioshuka kutoka Amani na gari la alfajiri, na nyie wakwe zetu mliovuka bahari kutoka Bristol. Wakubwa, shikamooni. Wadogo, hamjambo. Mimi ni mdogo wake marehemu. Mama yetu alizaa sita. Agnes alifungua mlango, mimi nikaufunga.

(Maana yake yeye wa kwanza, mimi kitinda mimba. Lakini uwaambie hivyo hivyo, mlango na kufunga. Wataelewa, si watoto.)

Wakwe zetu, tangu juzi kila anayeingia uani anawashika mkono na kusema "pole". Hakuna aliyewakosea. Neno hilo tunampa aliyefiwa, aliyejikwaa, hata aliyerudi shamba na jembe begani. Anayekwambia pole amekuona umebeba, naye ameshika upande mmoja.

(Jana babu yako wa Bristol kila akipewa pole alikuwa anajibu "hukunikosea kitu", kwa sababu ulimtafsiria kwa neno lao la kuomba radhi. Leo liache "pole". Wajifunze moja.)

Dada alizaliwa mwaka 1947, akasoma Magila, akawa mkunga. Toka 1971 hadi 2002 alikuwa kwenye zahanati moja tu, huko juu njia ya Amani, miaka 31. Aliitwa mjini mara mbili akakataa mara mbili. Vyeti vyake viko kwa Daudi, atakayetaka kuviona ataviona. Mimi sikupanda hapa kusoma vyeti.

Nawaulizeni nyie mlioshuka mlimani. Uchungu wa mwana...

(Hapa nyamaza! Watamalizia wao: "aujuaye mzazi!" Methali zetu hukatwa katikati, wasikilizaji wakamalizia. Ukiitoa nzima kwa Kiingereza utakuwa umewanyang'anya kazi yao. Wape wageni nusu ya kwanza, waisikie sauti ya kanisa, kisha uwape nusu ya pili.)

Naam. Lakini Agnes aliujua uchungu ambao si wake. Mwezi wa Aprili, masika imekaza, ile njia ya Amani inakuwa uji. Anaitwa saa nane usiku. Mkono mmoja chemli, mkono mwingine kikapu: wembe mpya ndani ya karatasi yake, uzi uliochemshwa, kipande cha sabuni, kitambaa. Viatu anavitundika shingoni kwa kamba, kwa sababu, alikuwa akisema, miguu inaoshwa lakini viatu vinanunuliwa.

Sasa niseme na hili. Tumezoea kuwa maiti hasemwi, lakini Dada akinisikia namtengeneza malaika ataniita pembeni. Alikuwa mkali. Wanaume mliomletea wake zenu kwa miguu, wakiwa wamechelewa, mpo humu na mnajikuna vichwa. Aliwafukuza mkachemshe maji, na maji yenyewe yalikuwa yameshachemka. Alitaka tu mtoke.

(Watacheka. Cheka nao. Mama yako akikutazama vibaya mwambie huku kwetu msiba una kicheko ndani yake, na bibi yako asingekubali kuzikwa bila kicheko.)

Miaka ile ya themanini mwanzoni, wenzangu wa rika langu mnaijua. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kanga kwa foleni na bahati. Dada alisimama tangu alfajiri kwenye duka la ushirika akapata doti moja. Wageni wetu, doti ni vipande viwili vilivyochapwa pamoja, na kila kimoja kina maneno yake chini. Yake iliandikwa: WEMA HAUOZI.

(Kiswahili kimetumia neno la kuoza, la embe na samaki. Usilipambe ukaliweka "hudumu milele". Sema wema hauozi, basi, wanuse wenyewe.)

Kanga ile hakuivaa hata Jumapili moja. Siku ya nne akaitwa kwenye nyumba ambayo hapakuwa na hata shuka. Mtoto akaja, kilo mbili hazifiki, baridi ya mlimani mnaijua. Dada akaichana doti katikati. Kipande kimoja akamfunga mtoto, akamweka kifuani kwa mama yake, akakaa nao mpaka jua likatoka. Nikamuuliza, Dada, hukuona uchungu? Akanijibu, "Na wewe ulikuwa umefungwa gauni langu." Nikanyamaza. Hadi leo sijui kama ni kweli.

Mtoto yule yupo. Ni yule mrefu aliyesimama mlangoni na udongo kwenye suruali. Tangu jana jioni anachimba, amekataa kupokewa jembe.

(Hapa usiseme kitu kwanza. Ngoja wageuke wamwone.)

Mwaka 2009 alikwenda Bristol kukuona wewe, Neema, ukiwa na miezi mitatu. Akapanda basi, akakuta watu wamekaa kimya kama wako hospitali. Akasimama mbele akawaamkia wote kwa Kiswahili. Aliporudi alituambia aliitikiwa na mzee mmoja tu, naye kwa kutikisa kofia, na kwamba huyo mmoja alitosha kumfanya asiwalaumu Waingereza.

Wakwe zetu, mnaona mjukuu huyu anasimama mbele ya watu anasema lugha mbili na hatetemeki. Ukiona vyaelea...

(Watasema "vimeundwa!" Hii itakusumbua. Sisi hatukutaja chombo wala bahari, ile "vya" imebeba vyote. Kiingereza hakina hiyo "vya", kwa hiyo itakubidi useme vyombo. Sema, usiogope. Na ndiyo, nimekusema wewe. Tafsiri hivyo hivyo, usijipunguze.)

Mti mkuu ukianguka...

(Wana wa ndege huyumba. Ni wana wa ndege, makinda, si ndege tu. Wakubwa wanaweza kuruka.)

Leo tunayumba, kila mtu anatuona. Baada ya hapa tutakwenda kaburini. Wageni wetu, kila mmoja atachota udongo kiganjani na kuutupia mwenyewe, hata watoto. Mkiona aibu mfuateni Neema. Kisha tutarudi nyumbani tule pamoja, hakuna anayeondoka na njaa kwenye msiba wa Agnes. Tutakaa matanga, na siku ya arobaini tutakusanyika tena. Mtakaokuwa mmesharudi kwenu, siku hiyo msalimieni mtu mmoja kwenye basi.

(Yanayofuata usiyatafsiri, mjukuu wangu. Babu wa Bristol akikuuliza, mwambie ni mambo ya ndugu wawili. Ataelewa, naye ana dada.)

Dada. Kile kipande cha pili tulikipata kabatini chini ya daftari zako, kimekunjwa, hakijafuliwa hata mara moja. Tumekufunika nacho. Ufunguo ulikuwa ndani ya mtungi, kama ulivyosema, mimi ndiye sikusikiliza. Mbuzi amezaa jana usiku, wawili. Nimewakausha kwa gunia.