Maelezo ya kujitambulisha kwenye usaili wa Shahada ya Uzamivu katika Kiswahili

Mwenyekiti wa jopo, maprofesa na walimu wangu, shikamooni. Ahsanteni kwa kunipa nafasi. Nimeambiwa nina dakika kumi, basi sitawasomea andiko langu la utafiti maana mnalo mezani. Nitaeleza mimi ni nani, nataka kutafiti nini, na kwa nini nimeomba nisimamiwe na Profesa aliyekaa kushoto kwa Mwenyekiti.

Naitwa Zuhura Bakari. Nimezaliwa Kilindoni, kisiwani Mafia. Marehemu mama alikuwa akinunua samaki dikoni asubuhi, anakaanga, anauza jioni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaparua magamba na kuwatoa matumbo, tangu niko darasa la tatu. Nalitaja hilo kwa sababu linaingia kwenye utafiti, mtaona. Shahada ya kwanza nilisoma ualimu, somo langu likiwa Kiswahili na Historia. Nimefundisha sekondari miaka minane, kisha nikaja kusoma umahiri hapa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Tasnifu yangu ilihusu msamiati wa uvuvi wa Mafia. Nilifaulu, lakini kuna ukurasa mmoja wa tasnifu ile ambao mpaka leo unanikosesha raha.

Ni ukurasa wenye neno potwe. Kwa wasiomjua, potwe ni yule mkubwa kuliko samaki wote, huweza kuzidi mita 10, mgongo wake una madoa meupe. Kila msimu watalii huja Kilindoni kuogelea naye. Mimi niliandika hivi: "Potwe: aina ya papa mkubwa mwenye madoa meupe." Profesa alikuwa mtahini wangu wa ndani. Pembeni ya mstari huo aliandika kwa penseli maneno mawili tu: "Nani kakwambia?"

Nilikasirika, sifichi. Mtoto wa Kilindoni naulizwa nani kaniambia kuhusu potwe! Hasira zilipotulia nikakumbuka ukweli: fasili ile sikuambiwa na mtu. Niliitoa kwenye bango la watalii lililoandikwa kwa Kiingereza, nikaifasiri. Nilikuwa nimekaa Mafia miezi miwili nikikusanya maneno, nikaorodhesha majina ya nyavu, ya pepo na ya samaki, lakini maana nilikuwa nazichukua kwingine.

Basi niliporudi nyumbani likizo nikaenda kwa mzee mmoja wa nyavu za dagaa, nikamuuliza: "Babu, potwe ni papa wa namna gani?" Akanitazama kama niliyepungukiwa. "Potwe si papa, mwanangu. Papa anakata. Potwe ananyonya maji tu. Ukimwona potwe, jua uduvi upo, na dagaa hawako mbali." Nikawauliza wengine wanne siku ile. Watatu wakasema kama yeye. Wa nne, aliyewahi kufanya kazi kwenye boti za watalii, akasema ni papa. Na wavuvi wa pwani ya Kenya wamemwita papa shilingi, kwa hayo madoa yaliyo kama sarafu, yaani wao jina lenyewe limeshamtia katika kundi la papa. Mwanasayansi wa bahari naye atasema ni papa, na kwa sayansi yake yuko sahihi. Swali langu ni mtunga kamusi afanye nini. Akiandika "aina ya papa", amemsikiliza mwanasayansi na mvuvi wa Kenya, na amemnyamazisha yule mzee wa dagaa. Na hata habari ya uduvi, ambayo kwa watu wa kwetu ndiyo maana ya kumjua potwe, imepotea.

Hapo ndipo utafiti wangu ulipozaliwa. Ukifungua kamusi zetu za Kiswahili kwa Kiswahili, kuanzia ile ya Sanifu iliyotoka 1981 hadi zilizofuata, utakutana mara nyingi na fasili ya "aina ya samaki", pengine ikiongezwa rangi au ukubwa. Sisemi hivyo kwa kuwadharau waliotutangulia. Kamusi ina kurasa zake na muda wake, na samaki ni wengi. Lakini mtu asiyemjua kolekole akisoma "aina ya samaki" hajapata kitu, na anayemjua hakuhitaji kufungua kamusi.

Nataka kuchunguza jinsi watumiaji wa Kiswahili wanaoishi kwa bahari wanavyowapanga viumbe wa baharini katika makundi, wanatumia vigezo gani, wanatofautiana wapi, na tofauti hizo ziingie vipi katika fasili ya kamusi. Nimejifunga kwenye majina 120. Ningeweza kuchukua 400, lakini nataka kila jina liwe na watu wanaobishana nyuma yake.

Niruhusuni nitoe mfano mmoja zaidi, maana huu ndio ulionishawishi kwamba kuna kazi ya uzamivu na si makala ya kurasa kumi. Tasi. Mwulize mvuvi wa madema tasi ni nani, atakwambia anakula majani, anapatikana kwenye nyasi za bahari, chambo chake mwani. Mwulize mama anayeparua samaki, neno la kwanza litakuwa mwiba. Mwiba wa tasi ukikudunga kidoleni maumivu hupanda mkono mzima, mimi umenidunga mara tatu. Kwa hiyo mama humtambua tasi kwa mgongo wake, na akimpanga anamweka pamoja na wale wa kukatwa miba kwanza. Mvuvi humpanga kwa mahali pa kutegea. Ni samaki mmoja na neno moja, katika kijiji kimoja, na mara nyingine katika nyumba moja, mume na mke. Nikitazama orodha zilizokwisha kukusanywa, pamoja na yangu ya umahiri, waliohojiwa karibu wote ni wanaume wa chomboni. Wanawake wa dikoni, na wale wanaokwenda mwambani maji yakipwa kutafuta pweza, hawakuulizwa. Mmoja wao aliniambia hivi: "Mie siuzi samaki, nauza pweza." Kamusi ikisema kiumbe wa bahari, yeye hana ugomvi. Ikimtia katika samaki, ataikataa.

Maeneo ni mawili: Mafia, hasa Kilindoni na Jibondo, na Kojani kule Pemba. Kojani sikuichagua kwa ajili ya lahaja peke yake. Wakojani ni watu wa dago. Wanahama na vyombo vyao, wanapiga kambi miezi kadhaa Mafia, Kilwa na kwingineko, kisha wanarudi. Pale kambini Mpemba na Mmafia wanagawana samaki, wanauziana, wanagombana bei, na lazima waelewane kuhusu majina. Mahali pa namna hiyo neno linashindana na neno mbele ya macho yako. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini baada ya makubaliano ya Mombasa mwaka 1928, na kwa bahari hilo limetuachia mapengo, kwa sababu mjini samaki hufika akiwa tayari kitoweo.

Kuhusu njia: sitatumia picha kama chombo kikuu, nilishajaribu nikashindwa. Mvuvi ukimwonyesha picha ya changu anauliza, "Mkubwa kiasi gani? Kavuliwa wapi?" Changu doa, yule mwenye doa jeusi ubavuni, rangi yake hubadilika akishakufa, na kwenye karatasi wengine hawamtambui. Nitahoji pale pale dikoni, samaki akiwa mkononi, na nitawaomba watu 48, nusu wanawake, wayapange mafungu wenyewe na waniambie kwa nini. Ratiba yangu ya uwandani inafuata maji kuliko kalenda: bamvua ndipo wanawake wanapokwenda mwambani, na dago lina misimu yake kati ya kusi na kaskazi. Kwa upande wa utambuzi wa kisayansi mimi si mtaalamu, na sitaki kujifanya. Nitaomba msaada wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya chuo hiki hiki na iko Zanzibar. Kibali cha utafiti cha Zanzibar huombwa peke yake, nimeshaanza kukusanya nyaraka.

Sasa nije kwa Profesa. Sikukuomba kwa sababu ya jina lako, ingawa jina lipo. Nimekuomba kwa lile swali la penseli. Kazi yako yote niliyoisoma na kuisikia kwenye mihadhara ina hoja moja isiyochoka, kwamba fasili ni dai, na dai lina mwenyewe. Mimi nina uwanja, nina watu wanaonifungulia mlango bila kupiga hodi mara ya pili, lakini nadharia ya maana katika leksikografia bado naijua kwa juu juu. Andiko langu linaegemea mtazamo kwamba kundi la vitu huwa na kitovu na pembezoni, hivyo changu yuko katikati ya "samaki" na pweza yuko ukingoni. Sijui bado kama mtazamo huo unatosha kumweleza potwe. Hapo nahitaji mtu wa kunisumbua.

Na tuna jambo moja tunalotofautiana, bora nilitaje kabla hujaniuliza. Kwenye semina ya mwaka jana ulisema kamusi ya matumizi ya jumla lazima ichague fasili moja, kwa sababu msomaji anataka jibu. Mimi naona pale watumiaji wenyewe wanapogawanyika, kuchagua ni kuficha. Inawezekana nakosea. Inawezekana pia jawabu ni la nafasi tu kwenye ukurasa, kwamba mstari mmoja mfupi unatosha kuonyesha mgawanyiko. Ningependa tulibishanie hilo miaka mitatu kwa ushahidi wa dikoni.

Kuhusu mambo ya nyumbani: mwajiri wangu amenipa ruhusa ya masomo kwa maandishi, ipo kwenye faili. Ada ya mwaka wa kwanza ninayo. Ya mwaka wa pili na wa tatu naitafuta kwa ufadhili, sijapata bado. Nina watoto wawili, dada yangu atakaa nao nikiwa Kojani.

Nimekuja na nakala tano za vidahizo vinne vya majaribio, naomba nizigawe. Cha potwe sasa kinasomeka hivi: "Kiumbe mkubwa sana wa baharini mwenye madoa meupe mgongoni, hunyonya uduvi na dagaa karibu na uso wa maji. Mafia: dalili ya kuwapo dagaa, wavuvi wengi hawamhesabu katika papa. Kenya: papa shilingi." Cha tasi mtaona kina nafasi tupu katikati. Mama mmoja wa Jibondo na mumewe walishindwa kukubaliana mwiba utajwe kwanza au majani, nikawaachia, nikasema nitarudi.

Karibuni kwa maswali.