Menyu ya Vinywaji Visivyo na Kilevi: Ghorofa ya Juu, Shangani, Mji Mkongwe

Karibuni. Vinywaji vya menyu hii havijawahi kuonana na pombe, ndiyo maana humu hamna hata ile bia ya kuondolewa kilevi. Blenda, vichujio na gilasi zake ni za peke yake.

SHARUBATI (gilasi, 6,000/=)

Bungo. Kwa nje utadhani chungwa gumu. Ndani kokwa zimevikwa nyama chachu yenye harufu ya embe na nanasi kwa pamoja. Tunaziroweka, tunazivuruga kwa mkono, tunachuja. Blenda haiguswi hapa, kokwa zikivunjika ladha imeharibika. Mgeni wa mara ya kwanza aanze na hii.

Ukwaju. Umelala majini usiku kucha. Una pilipili manga na chembe ya chumvi.

Pasheni. Tikiti maji. Stafeli na maziwa (7,000/=).

Embe. Msimu ukiisha nasi tumeishiwa. La kopo hatuuzi.

Miwa, ndimu na tangawizi. Hukamuliwa ukishaagiza. Inywe hapo hapo: ikikaa hubadilika rangi, ikilala huchacha, na hapo haitufai tena kwenye menyu hii.

Dafu zima (4,000/=). Ukimaliza maji, mwambie mhudumu alipasue, akukwangulie nyama.

VYA KUCHANGANYA (10,000/=)

Magharibi ya Forodhani. Choya iliyokolea sukari hukaa chini kwa uzito wake, pasheni huelea juu. Tazama kwanza, ndipo ukoroge.

Nanaa na Ndimu. Mojito bila ramu: nanaa iliyopondwa na sukari, ndimu mbili, barafu, maji ya gesi.

Dafu la Mchaichai. Maji ya dafu, mchaichai uliochemshwa ukapoa, tangawizi, ndimu.

Ukwaju Mkali. Ukwaju, tangawizi na pilipili mbuzi kidogo, mdomo wa gilasi umepakwa chumvi. Ni wa wale wanaolalamika kuwa kinywaji bila kilevi hakiumi kooni. Kinauma. Watoto hatuwapi.

Bustani. Balungi, mdalasini na karafuu, sukari kwa mbali ukiitaka.

VYA MOTO (3,000/=)

Kahawa chungu na kipande cha kashata. Chai ya maziwa ya hiliki na mdalasini. Maji ya tangawizi na asali, hasa kwa mwenye mafua.

Sukari hatukutilii bila kukuuliza, isipokuwa Magharibi ya Forodhani na Nanaa na Ndimu, ambavyo bila sukari havitoki. Mwenye kisukari aagize dafu la mchaichai badala yake, ingawa dafu nalo lina utamu wake. Kashata zetu zina karanga. Asiyepatana nazo atuambie mapema.

Mwezi wa Ramadhani menyu hii huanza magharibi, na jagi la ukwaju la watu wanne ni 20,000/=. Tende ni juu yetu.